Akikwambia "Umependeza": Mwongozo Kamili wa Kupokea Sifa ya Mtu Unayemzimia na Kumrudishia Ikanoga

Nashona nguo Mwanjelwa, Mbeya, na msimu wa baridi ndio msimu wangu wa kusikia siri. Ikifika Juni watu wanaleta vitenge vishonwe makoti yenye bitana nzito, na mtu akisimama kupimwa mabega huwa anaongea. Binti mmoja wa Uyole, mwanakwaya, alirudi kwangu Jumatatu kubadilishiwa vifungo vya koti la kijani nililomkabidhi Ijumaa. Nikamuuliza koti limepokelewaje. Akakaa kwenye stuli, akafunika uso kwa viganja.

Mpiga gitaa wa kwaya yao, kijana ambaye amemzimia tangu Pasaka, alimwona mlangoni siku ya mazoezi akamwambia, "Leo umependeza." Naye akajibu, "Aah wapi, kitambaa chenyewe cha bei rahisi tu." Kijana akasema "haya," akarudi kukaza nyuzi za gitaa lake. Ikaishia hapo. Neno alilolisubiri miezi mitatu lilikuja lenyewe, akalifukuza kabla halijavuka kizingiti.

Tulikaa na lile jambo siku hiyo mpaka nikachelewa kufunga. Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyapanga, pamoja na mengine niliyoyaona kwa wateja kwa miaka mingi, wa kike na wa kiume.

Kwa nini jibu la kukataa hutoka lenyewe

Mwaka 1978 mtafiti wa mazungumzo wa Marekani, Anita Pomerantz, alieleza kwamba mtu akisifiwa anavutwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: inampasa akubaliane na msemaji, na inampasa asijisifu. Huwezi kutimiza yote mawili kwa neno moja, ndiyo maana watu hukwepa, hupunguza, au hukataa kabisa. Alikuwa anachunguza mazungumzo ya Kiingereza, lakini ukikaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo utaona mvutano huohuo kwa Kiswahili. Sisi huku tumelelewa na kipimo kikali zaidi upande wa pili. Mtoto anayepokea sifa bila kuinamisha kichwa anaambiwa anajisikia. Kwa hiyo ulimi unakimbilia kulishusha gauni, kulitaja bei, kusema ni la mtumba, kusema "unanitania".

Tatizo ni kwamba ukisema kitambaa ni cha bei rahisi, aliyekusifu anasikia kitu kingine. Anasikia kwamba macho yake hayajui kuona. Na kama alijikaza siku tatu kulisema lile neno, hatalisema tena kirahisi.

Hatua ya kwanza: sikia amesema nini hasa

Kabla ya kujibu, na hili linachukua muda mfupi sana, sikiliza kitenzi. Kiswahili chetu kinapima uzito wa sifa kwenye kitenzi chenyewe.

"Koti zuri hilo" ni sifa ya koti. Anaweza kumwambia yeyote, hata fundi. "Koti limekupendeza" ni koti pamoja na wewe, yaani ameona jinsi lilivyokukaa. "Umependeza" imeliacha koti na kukushika wewe, lakini kwa leo tu. "Unapendeza" ni nzito zaidi, kwa sababu anasema habari ya kila siku, maana yake amekuwa akikuangalia siku ambazo hukujua. "Wewe ni mzuri" imevuka nguo zote. "Nakukubali" ni sifa ya uwezo: umeimba, umefundisha, umeendesha jambo likaenda. Na "nimekupenda bure" mara nyingi ni ya kufurahia kitu ulichofanya wakati huo. Usiende nayo nyumbani ukailalia.

Sababu ya kupima ni kwamba jibu linatakiwa lilingane na kilichosemwa. Aliyesema "koti zuri hilo" ukimjibu kwa macho ya mahaba utamtisha. Aliyesema "unapendeza" ukimjibu habari za bitana na vifungo, umemrudisha nyuma hatua mbili. Binti wa Uyole aliambiwa "leo umependeza". Ni sifa ya kati, salama, yenye mlango ulioachwa wazi kidogo.

Hatua ya pili: mwili ujibu kabla ya mdomo

Kuna vitu vitatu ambavyo mwili wetu hufanya kwa aibu, na vyote vinaharibu. Cha kwanza ni kufunika mdomo kwa mkono na kugeuka pembeni. Cha pili ni kumpiga yule mtu kofi dogo begani huku ukisema "kwenda huko". Cha tatu, na hiki ni cha vijana wa kiume zaidi, ni kucheka kwa sauti na kuangalia kama wenzake wamesikia.

Aibu yenyewe haina ubaya. Huku kwetu aibu kidogo inapendeza, na sikushauri mtu aigize ujasiri asio nao. Kinachotakiwa ni aibu ipite usoni bila kuuhamisha uso. Simama ulivyosimama. Kama ulikuwa unafunga zipu ya sweta, acha mkono pale pale. Tabasamu lije lenyewe. Mwangalie machoni kwa muda wa kutamka "asante", halafu ukitaka kushusha macho, yashushe. Ukiyashusha baada ya kumwangalia, anaelewa kwamba neno lake limefika. Ukiyashusha kabla, anadhani amekukera.

Tulifanya zoezi na yule binti mbele ya kioo changu cha kujaribia nguo. Nilimwambia "umependeza" mara sita. Mara nne za kwanza mkono ulikwenda mdomoni wenyewe. Ya tano nikampa pindo la koti alishike kwa mikono miwili. Mkono ukatulia, na uso ukatulia nao. Tangu hapo ndilo ninalomwambia kila mtu: uwe na kitu mikononi, hata kama ni kitabu cha nyimbo.

Hatua ya tatu: "asante", jina lake, na kitu kimoja cha kweli

"Asante" peke yake inatosha kwa mtu wa kawaida. Kwa mtu unayemzimia ni fupi mno, inaanguka chini kama sarafu na kila mtu anabaki anaitazama. Iongezee kitu kimoja kidogo cha kweli ambacho anaweza kukishika na kuendelea nacho.

Kitu hicho kinaweza kuwa historia fupi ya alichokisifu: "Asante. Hii rangi niliitafuta Sokomatola nikakosa, nikaja kuipata Mwanjelwa." Kinaweza kuwa furaha yako: "Asante, nimefurahi umeliona." Sentensi hiyo ya pili naipenda sana, kwa sababu inatatua ule mvutano wa Pomerantz bila kelele. Hukujisifu na hukumpinga. Umemsifu yeye kwa kuona.

Sasa jihadhari na neno linalofuata "asante". Ukisema "asante kaka yangu", umemketisha kwenye kiti cha kaka, na kutoka hapo kuna kazi. Vivyo hivyo kijana akimjibu binti "asante dada" au "asante mdogo wangu", amefunga lango kwa heshima kabisa, na binti ataelewa hivyo. "Asante mkuu" na "asante bosi" ni za kijiweni. Tumia jina lake. Jina likitamkwa polepole baada ya asante, halihitaji nyongeza nyingine.

Kama yeye ni Mnyakyusa nawe unajua hivyo, "ndaga" inaleta joto ambalo "asante" haina, hata kama wewe ni wa kutoka Njombe na matamshi yako yamepinda. Itumie mara moja, kwa upole, usiifanye kichekesho. Iringa watu wasiojua Kihehe hukimbilia "kamwene", lakini hiyo ni salamu. Ukiitoa kama shukrani utaitikiwa "kamwene" na sifa itapotea njiani.

Jambo moja la kwetu sisi watu wa kanisani, na nalisema kwa moyo wote kwa kuwa nami ni muumini. Wengi wakisifiwa hujibu "ni Mungu tu" au "utukufu kwa Bwana". Ni maneno ya kweli. Lakini yakiwa ndiyo jibu zima, aliyekusifu anabaki hana pa kuingilia. Hawezi kubishana na Mungu wala kuendeleza mazungumzo. Mshukuru yeye kwanza kwa jina, kisha umshukuru Mungu ukipenda.

Hatua ya nne: usirudishe hapo hapo

Hapa ndipo wengi wanaojua kusema asante wanapopotea. Akisema "umependeza", wao papo hapo "nawe pia". Ni jibu la adabu, na kwa shangazi yako kwenye harusi linafaa. Kwa huyu halifai, kwa sababu halijamwona. Lingeweza kumfikia mtu yeyote aliyesimama pale, hata kama amevaa ovaroli yenye matope ya shambani Igurusi. Mbaya zaidi, linafanya sifa yake ionekane kama deni ambalo umeharakisha kulilipa ili msidaiane.

Acha sifa yake ikae. Ongeeni mengine. Muda wa kusubiri hauna kipimo kimoja: inaweza kuwa dakika kumi, inaweza kuwa hadi mwisho wa mazoezi, inaweza kuwa kesho yake. Alama ya kwamba wakati umefika ni kwamba mazungumzo yameshakwenda pengine na kurudi, na ukimsifu sasa hataona kwamba unalipa.

Hatua ya tano: mrudishie ulichokiona wewe mwenyewe

Sifa ya kurudisha isiwe ya aina ileile uliyopewa. Amekusifu nguo, wewe usimsifu shati. Tafuta kitu alichokichagua kukifanya, hasa kile ambacho hakudhani kuna mtu anakitazama. Sura hakuichagua. Urefu hakuuchagua. Lakini namna alivyomngoja mtu, alivyorekebisha kitu bila kuambiwa, alivyomjibu mzee kwa utulivu, hayo ni yake.

Sifa kama hiyo naishona kwa vipande vitatu: wakati, kitendo, na kilivyokugusa wewe. "Juzi wakati wa mvua, ulivyorudi kumchukua yule mama mwenye mzigo, nilipenda." Wakati unaonyesha hukubuni. Kitendo kinaonyesha uliangalia. Kipande cha tatu ndicho chenye utamu, na hapo chagua kitenzi kwa uangalifu. "Nilipenda" na "ilinipendeza" zinakaa kwenye kitendo huku zikimgusa mwenye kitendo. Anaweza kuzipokea bila kuona amebanwa. "Nimekupenda" inaweza kusikika kama tamko, na kwa mtu ambaye mmeanza tu kupeana sifa ni mapema. "Nilivutiwa" ni nzuri, ila itamkwe kawaida, isije ikasikika kama risala.

Sauti nayo. Sema kwa sauti ileile uliyokuwa ukiongelea mambo mengine. Ukiipunguza ghafla na kusogea, sifa inageuka kuwa kutongoza, naye atashtuka hata kama anakupenda.

Jinsi ilivyokwenda

Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni, ukungu umeshuka kutoka Loleza hadi huwezi kuona barabara, yule binti alikuwa mazoezini tena na koti lake. Safari hii kijana hakugusa habari za mavazi, na nadhani alikumbuka alivyojibiwa. Alisema, "Leo sauti yako kwenye ule wimbo wa pili imetulia." Sifa ya kazi, tena yenye mahali maalumu. Maana yake alikuwa anasikiliza sauti moja kati ya ishirini.

Binti alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Alinieleza kwamba alikibana kwa mikono yote miwili mpaka kikakunjika. Akamtaja jina, akasema, "Asante. Ule mstari wa juu umenisumbua wiki nzima, nimefurahi umesikia." Akanyamaza.

Huo ukimya ulimwogopesha kuliko yote, na ndio nilioupigia msisitizo zaidi tulipofanya zoezi. Ukishamaliza kusema, usijaze. Kijana akaujaza yeye: "Nilisikia. Mwanzoni ulikuwa unaukimbia, leo umeungoja." Wakaongea kidogo juu ya wimbo, mwalimu akaita, wakarudi kwenye nafasi zao.

Sifa ya kurudisha ilikuja saa moja baadaye, watu wanakunja waya na kupanga viti. Binti alipita karibu na spika akasema, "Wakati wa wimbo wa kwanza, yule mdogo alipokosea ufunguo mara tatu, ulianza upya bila kumwangalia vibaya. Ilinipendeza."

Kijana aliacha kukunja waya. Akasema, "Kumbe uliona." Hakusema asante, na wala hakuhitaji kusema, wengine wakiguswa kweli ndivyo wanavyojibu. Binti naye akafanya hatua ya mwisho, ambayo tulikuwa tumeipanga hadi maneno yake: "Haya, ngoja niwahi bajaji kabla giza halijakolea." Akaondoka.

Kuondoka hapo si maringo. Sifa nzuri inahitaji nafasi ya kuzama. Ukikaa unamtazama ili uone imefanya nini, inakuwa swali, na yeye analazimika kutoa jibu ambalo labda bado hana.

Kwa meseji

Wasapu inabadilisha vitu viwili tu. Kwanza, muda unaonekana. Akisifia picha yako, usijibu baada ya siku nzima kwa kujifanya huna haraka. Jibu ukiiona, kwa sentensi yenye kitu cha kweli ndani yake. Vikatuni vya nyuso zenye mioyo vikiwa peke yake ni sawa na kufunika mdomo kwa mkono. Pili, sifa ya kurudisha iache mpaka mkutane ana kwa ana, ikiwezekana. Kama yuko Makambako nawe uko Mbeya na hamwonani, mtumie sauti fupi, isizidi nusu dakika, uitume bila kuirekodi mara tisa. Sauti iliyorekodiwa mara tisa inajulikana.

Inapokwenda vibaya, na mipaka yake

Ukiwa tayari umeshajibu "aah wapi", bado kuna dawa, ila usiombe radhi kwa hotuba. Mkikutana tena mwambie tu, "Siku ile uliponisifia koti nilijibu hovyo kwa aibu. Nilifurahi." Inatosha. Hata kesho yake bado haijachacha.

Akikusifu mbele ya kundi, jibu fupi, asante na jina, bila ile nyongeza. Wenzake wakianza kupiga makofi na kuimba majina yenu, hatia si yako wala yake. Endelea na ulichokuwa unafanya, na ile sentensi ya pili umpe mkiwa wawili. Akiwapo mzazi au mzee, shusha zaidi. Huku kwetu mzee akiona vijana wanasifiana kwa kirefu mbele yake anahesabu kwamba hamkumwona.

Kuna wanaosifu kila mtu. Utamjua kwa sababu maneno yake hayana mahali: "mrembo", "mzuri wangu", asubuhi kwako na mchana kwa muuza chai. Mpokelee kwa asante tu, usimtafutie ya kurudisha. Mwenye nia hutaja kitu maalumu, na baada ya siku kadhaa hukikumbuka bila kukumbushwa.

Na kama anayekusifu ana mamlaka juu yako, mwalimu wako au mkuu wako wa kazi, mwongozo huu weka pembeni, hata kama moyo unapiga. Sifa ya mwili kutoka kwa mtu anayekutolea alama au mshahara ijibiwe kwa heshima kavu. Na ikirudiwa, umwambie mtu unayemwamini.

Yule binti alikuja tena kwangu mwishoni mwa Julai, hakuleta nguo. Nyuma yake alisimama kijana mrefu amebeba jaketi la mtumba ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kupita viganja, anataka ipunguzwe sentimita nne. Nilipomaliza kumpima, nikamwambia kwamba ana mabega ya kuvaa koti. Akamtazama binti kwanza, kisha akanigeukia akasema, "Asante, mama. Nimefurahi umeliona."